Salio la siku ile, si la leo: nilivyosoma releve za benki za marehemu baba

Baba alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa nane za mchana, hapa Lubumbashi. Matanga yalipotoka, wajomba walitaka kujua ameacha nini. Mimi ni kifungua mimba, na kwa sheria yetu ya familia, usipokuwepo wosia, mkubwa wa warithi ndiye likidateri, yaani msimamizi wa mali ya marehemu, na akijitoa warithi huchagua mwingine. Kazi ikaniangukia.

Mdogo wangu alikuwa anajua namba ya siri ya simu ya mzee. Akaniambia, "Yaya, tufungue tuone tu." Nilikataa. Ukishaingia na namba ya marehemu, kila makuta yatakayokosekana utaulizwa wewe. Nilipeleka benki cheti cha kifo pamoja na karatasi ya tribinali iliyonithibitisha kuwa likidateri. Akaunti zikafungwa siku hiyohiyo. Mama alilia, kwa sababu kodi ya mpangaji ilikuwa inaingia mle, lakini kufungwa huko ndiko kulikotulinda baadaye.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye gishe: niliomba salio. Wakanipa karatasi ya tarehe 30 Aprili: dola 2,615. Nikaiandika kwenye orodha ya mali nikaona nimemaliza. Mwanasheria jirani yetu aliitazama akacheka. "Hii ni ya leo. Urithi unapimwa siku ya kifo." Nikarudi na barua inayoomba mambo matatu: salio la tarehe 14 Machi kwa akaunti zote zenye jina lake, miamala yote ya miezi kumi na miwili kabla ya hapo mpaka leo, na mkopo wowote aliokuwa nao.

Releve zilipokuja, nilitembea kinyumenyume kutoka 2,615. Kilichotoka baada ya kifo nilikirudisha, na kilichoingia nilikiondoa. Zilikuwa zimetoka dola 300 za kadi na dola 800 za cheki, zote tarehe 17 Machi, na ada za benki dola 5 mara mbili. Tarehe 28 Machi zilikuwa zimeingia dola 450 za kodi. Hesabu ikanipa 3,275, sawasawa na salio walilolithibitisha wao kwa tarehe 14. Kama zisingelingana, ningejua kuna ukurasa unaokosekana.

Ila zile 300 zilitutoa jasho. Nani alitumia kadi siku tatu baada ya kifo? Macho yote yalimgeukia mdogo wangu, na shangazi mmoja alishaanza kusema maneno makali. Nikasoma mstari mzima wa maelezo, si safu ya tarehe peke yake: ndani yake kulikuwa na 13/03. Mashine ilikuwa ya benki nyingine, kwa hiyo makuta yalitolewa Alhamisi na mstari ukaandikwa Jumatatu. Risiti yake tuliikuta katika mfuko wa shati la baba, na zile noti alikuwa amempa mama za hospitali. Kwa hiyo 3,275 ilikuwa kweli kwa kitabu cha benki, lakini dola 300 hazikuwa tena za akaunti. Niliandika 2,975 na maelezo pembeni, ili zisihesabiwe mara mbili.

Cheki ya dola 800 ilikuwa jambo jingine. Kwenye kipande kilichobaki katika kitabu cha cheki, baba aliandika 12 Machi na jina la fundi mwashi. Alikuwa ameshaitoa akiwa hai, fundi akaenda kuichukua Jumatatu. Salio la tarehe 14 halikuguswa, lakini zile 800 niliziandika upande wa madeni. Kodi ya tarehe 28 ilikuwa ya mwezi wa Februari, mpangaji alichelewa, basi nayo ikaingia kama deni ambalo marehemu alidai.

Akaunti ya franka niliiweka mstari wake peke yake, bila kuichanganya na dola. Walipotaka jumla moja, nilitumia bei ya dola ya siku ya kifo.

Faida kubwa ya miezi kumi na miwili sikuitegemea. Kila tarehe 5 zilikuwa zinatoka dola 50 kwenda akaunti ambayo hakuna nyumbani aliyeijua. Nilidhani ni mtu wa siri, na nadhani mama pia alidhani, maana alinyamaza. Nilipoomba benki inijulishe mwenye akaunti hiyo, ikawa ni akaunti ya akiba katika ajansi nyingine, kwa jina la baba: dola 1,150, miezi ishirini na mitatu bila kuruka hata mmoja.

Mama alipoona karatasi aliuliza kitu kimoja tu, "Bati za nyumba ya Katuba?" Alikuwa amemsumbua mzee kwa zile bati miaka miwili.