Vichanja vipya vyapimwa: dakika tano za shangazi

Jumamosi, Kayenze. Wiki mbili sasa kila apitaye mwaloni anasifia vichanja vipya vya kukaushia dagaa nilivyomtengenezea shangazi. Vimeezekwa nailoni angavu kwa mgongo kama paa la nyumba, pembeni kuna mapazia ya kukunja, na wavu uko mita moja juu ya mchanga. Dagaa wa asubuhi wanakauka kabla ya alasiri, wakati kwenye vichanja vya zamani, vilivyokuwa wazi, tulikuwa tunawalaza hadi kesho yake. Nilikuwa tayari kuandika "kazi imekwisha".

Kabla ya kuandika nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wa siku shangazi aliponiita. Sentensi ni moja: "Mvua ya ghafla mchana ikija, watu wawili wafunike vichanja vyote vinne ndani ya dakika tano, dagaa wasilowe."

Kukausha haraka hakumo. Hilo nililiongeza mwenyewe njiani, kwa sababu nailoni ilikuwa inanifurahisha na jua la Mwanza linaonyesha matokeo siku hiyohiyo. Shangazi hajawahi kulalamikia jua. Analalamikia dagaa waliolowa wakiwa nusu wakavu: wanalainika, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na mnunuzi anawachukua kwa bei ya chakula cha kuku.

Hizo dakika tano nazo hazikutoka hewani. Upepo wa ziwani ukigeuka ghafla kuwa wa baridi, shangazi anasema hata ugali huwezi kuumaliza kusonga kabla mvua haijafika. Nilipima mara tatu kwa saa ya simu, kuanzia ule ubaridi hadi tone la kwanza: dakika sita, dakika nne na nusu, dakika saba. Kwa hiyo tano ni haki.

Leo ndiyo nikapima kufunika. Jaribio langu la mwanzo, la wiki iliyopita, lilikuwa la kujidanganya: kichanja kimoja, mimi na fundi mwenzangu, hali shwari. Tulishusha mapazia na kuyafunga kwa dakika moja na sekunde hamsini, tukapongezana. Ila kichanja kimoja hakiwezi kuusemea mwalo mzima. Mara nne ya hapo ni dakika saba na sekunde ishirini, na hao ni wanaume wawili waliozitengeneza kamba wenyewe.

Nikamwomba shangazi na binti yake wafunike wao, nami nisiguse kitu. Nilimwambia, "Shangazi, nikikunja mkono tu ujue ndiyo mvua." Akacheka: "Haya mwanangu, ila usije ukanililia."

Kichanja cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili upepo ukaingia chini ya pazia, likajaa kama tanga la mtumbwi, binti akalishikilia kwa mikono miwili huku shangazi akitafuta ncha ya kamba. Walipomaliza cha nne saa ilisoma dakika kumi na moja. Na upepo huu haukuwa wa mvua, ni ule wa kawaida wa mchana. Siku ya mvua yenyewe huja wenye nguvu zaidi, kwa hiyo kasoro ilionekana pale ambapo kichanja kinahitajika hasa.

Nikamwaga ndoo ya maji kwa keni ya kumwagilia juu ya kile cha kwanza. Paa halikuvuja na chini hapakuruka maji. Kwa hiyo "wasilowe" imetimia, ila kwa kichanja kilichowahi kufungwa. "Vyote vinne" na "dakika tano" zimeshindwa, na zimeshindwa kwa zaidi ya mara mbili.

Nikamweleza shangazi hivyo bila kuzunguka. Yeye akauliza swali ambalo lilinifaa kuliko vipimo vyangu: "Kwani lazima tuwafunike walipo?" Hapo nikagundua hata sentensi yangu ya daftari ilikuwa imebeba jibu tayari, neno "wafunike". Nia yake ni dagaa wasilowe. Kuwafunika ni njia moja tu, na nimetumia mwezi mzima kuibembeleza hiyo.

Nimelifuta neno hilo kwa penseli, nikaandika "wawe salama". Tano na vinne nimeziacha zilivyo, maana nikizilegeza nitakuwa ninapima ili nipate ninachotaka.

Jaribio lijalo: wavu wa kichanja kimoja ukatwe kuwa trei nne za mbao, kila moja inabebwa na watu wawili, zisukumwe ndani ya kibanda chenye reli chini ya bati. Nitaanza na trei moja iliyojaa robo ya ndoo ya dagaa wabichi, maana uzito ndio unaonitia wasiwasi. Nailoni ya paa inabaki kwa sasa. Shangazi amegoma niibandue, anasema dagaa wake wa jana wamekauka mno.