Zawadi ya shangazi: pipa la maji

Mwaka 2019 mke wa mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji. Walikuwa wamepanga Igogo, Mwanza, juu kwenye mawe. Ukisimama mlangoni ziwa unaliona lote, lakini bomba la pale lilikuwa linakaa hata siku tatu halijatoa tone.

Nilikwenda kumwona mzazi kabla sijanunua chochote, maana nilitaka kushuka sokoni Makoroboi nikijua mtoto ana vitu gani tayari. Nguo zilijaa begi zima, na nyingine zilikuwa zimeshaanza kumbana. Nikamuuliza, "Wifi, kitu gani hasa kinakuchosha?"

"Maji, wifi."

Pampasi walikuwa wanatumia usiku tu; mchana ni nepi za kitambaa, kama kumi hivi. Kila nepi inataka suuza ya kutoa uchafu, maji ya sabuni, kisha suuza mbili. Hapo madumu mawili ya lita 20 yamekwisha, bado hawajaoga wala kupika. Mume alikuwa anapandisha maji usiku akitoka kazini. Siku akichelewa, wifi alibeba mwenyewe nusu dumu, ilhali hospitali walimwambia kwa wiki sita asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Iliniuma sana.

Makalio ya mtoto yalikuwa mekundu, wao wakadhani ni joto. Nilishika nepi iliyoanuliwa, ikawa ngumu kama karatasi. Nikaichovya kwenye maji safi, nikaifikicha, povu likatoka. Kwa kubana maji, walikuwa wanasuuza mara moja tu, sabuni inabaki kwenye kitambaa na kumchoma mtoto.

Pipa la kwanza nililooneshwa dukani lilikuwa la bluu, limetumika, bei nzuri. Nikafungua mfuniko, likanuka dawa. Nikaliacha. Nikachukua jipya la lita 100, lenye mfuniko wa kukaza. Fundi bomba akalitoboa chini, akafunga koki yenye mpira ndani na nje. Bila ule mpira wa ndani linavuja kila likijaa. Tuliliweka juu ya matofali, ndoo ipite chini ya koki na mzazi asiiname. Matofali tuliyasawazisha kwa makini, kwa sababu likijaa lina kilo 100 na zaidi, na kwenye mwamba ule likiyumba ni hatari.

Lakini pipa tupu halimsaidii mtu. Nilimtafuta kijana anayewauzia majirani maji, nikamlipa mwezi na nusu, madumu matano kila asubuhi, amimine mwenyewe ndani ya pipa.

Wiki tatu baadaye nilirudi. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na koki, anasuuza. Aliponiona akachukua nepi kavu kambani, akaichovya kwenye beseni la maji safi, akaifikicha mbele yangu.

"Tazama, wifi. Hakuna povu."