Siku Jani Lilipolikanusha Neno

Nilikuwa katika wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha nilipopewa kipindi cha usanisinuru, na kwa kuwa nilikuwa nimejifundisha Kigiriki kidogo mwenyewe, niliamua kuanza na neno badala ya kuanza na mlinganyo. Mwalimu aliyenisimamia, mama mtu mzima aliyekuwa amefundisha biolojia miaka mingi kuliko umri wangu, aliketi nyuma ya darasa na daftari lake. Niliandika ubaoni FOTOSINTHESISI, jina la usanisinuru lenye asili ya Kigiriki, nikaligawa kwa mistari miwili ya wima, na chini ya kila kipande nikaandika maana yake. Fos ni nuru, na katika umbo la kumiliki husomeka fotos, ndiyo maana shina lake ni fot. Sin ni pamoja. Thesis ni uwekaji, nomino inayotokana na kitenzi tithemi, yaani ninaweka. Nikahitimisha kwa kujiamini kwamba Wagiriki wametupa maelezo kamili ya kazi ya jani katika neno moja.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kijana aliyeketi karibu na dirisha. "Mwalimu, kumbe mmea unatengeneza nuru?"

Darasa lilicheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu niliona papo hapo alikopitia. Katika Kiswahili, kipimajoto hupima joto na kifunguakinywa hufungua kinywa: nomino inayofuata ndiyo inayotendwa. Mtu anayelisoma neno usanisinuru kwa kanuni hiyo hana budi kuelewa kwamba kinachosanisiwa ni nuru yenyewe. Kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa langu, kwa kuwa nilitafsiri vipande vitatu nikasahau kueleza uhusiano wao.

Nilimjibu kwa mfano wa fotokopi. Hakuna anayedhani kwamba fotokopi ni nakala ya nuru. Ni nakala inayopatikana kwa nuru: mashine humulika karatasi, mwanga unaoakisiwa hutua juu ya pipa lililo ndani, na maandishi hufuata alama uliyoiacha. Fotografia nayo ni kuandika kwa nuru. Kwa hiyo fotosinthesisi isomwe hivi: uwekaji pamoja kwa nuru. Nuru si kinachojengwa bali ni nguvu ya ujenzi, na vinavyowekwa pamoja havikutajwa kabisa katika neno. Ni hewa ya ukaa inayoingia kupitia vitundu vya jani na maji yanayopanda kutoka mizizini, na kinachopatikana ni sukari, ambayo jani huibadilisha kwa muda kuwa wanga na kuiweka akiba.

Kijana aliridhika nusu. "Lakini Mwalimu, neno lenyewe halisemi 'kwa'."

Alikuwa na haki. Kiungo kati ya fos na sinthesis ni kimya. Kigiriki huyaunganisha maneno bila kutaja kama la kwanza ni chombo, kitu au mahali. Asiyelijua jani hawezi kulijua hilo kutoka katika sarufi peke yake. Ndipo nikasema, kwa fahari ambayo hadi leo hunifanya nijionee haya, kwamba jani lenyewe litatoa ushahidi mbele yao.

Nilikuwa nimeandaa mmea wa jerania kwenye chungu. Siku mbili kabla ya kipindi niliuingiza kabatini jua lilipozama, nikautoa alfajiri, nikafunika ukanda wa katikati wa jani moja kwa karatasi ya alumini pande zote mbili na kuibana kwa vibanio, kisha nikauacha juani mchana wote. Hoja ilikuwa nyepesi: kama kuweka pamoja hufanywa kwa nuru, sehemu iliyofunikwa haitakuwa na wanga. Mbele ya darasa nililichuma jani, nikaliondolea karatasi, nikalitumbukiza katika maji yanayochemka kwa takriban dakika moja ili kuziua seli zake na kulilainisha. Nikazima moto, kwa maana spiriti haipashwi motoni moja kwa moja, nikaliweka jani katika spiriti ndani ya bika ndogo iliyosimama kwenye maji ya moto. Rangi ya kijani ilihamia kwenye spiriti, jani likabaki jeupe na kavu kama karatasi. Nikalisuuza kwa maji ya moto, nikalitandaza kwenye sahani nyeupe, nikalidondoshea iodini, ambayo hugeuka bluu nzito penye wanga.

Jani zima likageuka bluu iliyokaribia weusi. Ukanda uliofunikwa nao ukawa mweusi.

"Basi neno ni la uongo," alisema yule kijana, bila dhihaka yoyote. "Pale palikuwa hapana nuru, na vitu vimewekwa pamoja."

Sikuwa na jibu. Mwalimu aliyenisimamia aliinuka taratibu, akaja mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo waliokuwa mbele waliisikia: "Mwanangu, ulipima jani moja kabla ya kuanza?" Nilikiri kwamba sikupima. Akaligeukia darasa na kuliambia kwamba wanga waliouona ulikuwa wa zamani. Jani hutumia akiba yake gizani, lakini usiku mmoja haukuitosha jerania ile kuimaliza. Ilihitaji siku nzima, au siku mbili kamili, kabatini. Nuru iliyouweka pamoja wanga ule ilikuwa imekwisha kuzama kabla karatasi ya alumini haijabanwa. Njia ya kujua ni kulitoa mhanga jani moja la mmea uleule kabla ya jaribio: iodini ikibaki na rangi yake ya kahawia juu ya jani hilo, mmea uko tayari.

Nilitarajia aketi, lakini hakuketi. Alichukua chaki, akachora duara kuzunguka sin na thesis, akasema kwamba kijana alikuwa amekaribia jambo kubwa zaidi kuliko alivyodhani, kwa sababu neno lile kwa kweli halisemi yote, ingawa si kwa njia aliyoifikiria. "Linasema kuweka pamoja," alisema. "Nani atanionyesha mahali linaposema kupasua?"

Hakuna aliyepaonyesha. Akaandika mlinganyo niliokuwa nimeuahirisha:

6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂

Akauliza oksijeni ile inayotoka upande wa kulia imetoka wapi. Karibu darasa zima, na mimi kimoyomoyo, tulijibu kwamba imetoka kwenye hewa ya ukaa. Akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliwapa mwani maji yaliyotiwa aina nzito ya oksijeni, na oksijeni iliyotolewa na mwani ilifuata ile ya maji, si ile ya hewa ya ukaa. Kazi ya kwanza ya nuru, baada ya kunaswa na klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ni kuyapasua maji. Kila molekuli mbili za maji hutoa molekuli moja ya oksijeni, na oksijeni hiyo huachwa iende zake. Elektroni na protoni zilizobaki, kwa msukumo wa nuru, hutumika kutengeneza molekuli mbili za kubebea nguvu ziitwazo ATP na NADPH. Kuweka pamoja huja baadaye, mahali pengine ndani ya kloroplasti ileile, chembe ya kijani ya seli ambamo kazi hii yote hufanyika: kimeng'enya kiitwacho rubisko huipachika hewa ya ukaa kwenye sukari yenye kaboni tano, kinachotokea kinagawanyika kuwa vipande viwili vyenye kaboni tatu kila kimoja, na vile vibebaji vya nguvu huvigeuza vipande hivyo kuwa sukari. Katika hatua hii ya pili, mwale wa nuru haugusi kaboni hata moja.

Nilikuwa nimesoma mambo hayo yote chuoni, na hata kuyafanyia mtihani, lakini sikuwahi kuyatandaza juu ya neno. Sasa niliona kwamba foto ilikuwa hatua nzima, sinthesis ilikuwa hatua nyingine nzima, na kile kiungo kimya kati yao, ambacho nilikijaza kwa 'kwa' moja jepesi, ndicho palipojificha maji yanayopasuka, oksijeni inayotoroka na vibebaji vinavyohamisha nguvu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Vitabu vingi huiita hatua ya pili hatua ya giza, jina ambalo kwa maoni yangu linapotosha kuliko fotosinthesisi yenyewe, kwa kuwa haihitaji giza. Inahitaji tu mazao ya nuru, na yakikoma kuletwa, nayo hukoma.

Baada ya kipindi, tukisafisha vyombo, mwalimu wangu alinisimulia lilivyozaliwa neno lenyewe. Wanabotania walikuwa wakitumia neno lililomaanisha pia kitendo cha mwili kukifanya chakula kuwa sehemu yake, na utata huo ulimkera Mmarekani Charles Reid Barnes, ambaye mwaka 1893 alipendekeza majina mawili mapya. Fotosinthesisi lilikuwa mojawapo, lakini yeye mwenyewe alipendelea lile lingine, fotosintaksi, yaani kupanga pamoja kwa nuru, kutokana na taksis, mpango, neno lilelile tunalolisikia katika sintaksia ya lugha. Wenzake wakachagua lile la kwanza. Nilimwambia kwamba mimi ningesimama na Barnes, kwa sababu kaboni katika jani hazirundikwi tu mahali pamoja, hupangwa kwa utaratibu. Akacheka, akasema kwamba hata neno hilo lisingetaja maji.

Nilirudia jaribio wiki iliyofuata. Mmea ulikaa kabatini siku mbili kamili, na jani la kwanza nililolipima lilibaki na kahawia ya iodini. La pili, lililobanwa karatasi na kukaa juani kwa saa sita, lilitoka na kingo za bluu nzito na ukanda wa kahawia hafifu katikati, mipaka yake ikiwa imenyooka kama iliyopigiwa rula. Kijana wa dirishani aliliinamia muda mrefu. Kisha akauliza kama ule upasuaji wa maji nao una jina la Kigiriki.

Nilimwambia ni fotolisisi: fos, nuru, na lisis, kufungua kilichofungwa.

"Kwa nuru," alisema kabla sijamaliza, "si kufungua nuru." Akaliandika daftarini, juu ya fotosinthesisi, kwa kuwa alisema ndilo linalotangulia.