Kumbukumbu ya mradi wa vyombo, Bagamoyo: majahazi machache, picha nyingi

Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza: nafundisha modeli itambue vyombo vinavyoingia ufukweni Bagamoyo asubuhi, na ivitenge kwa aina, yaani ngalawa, mashua, jahazi na boti ya faiba. Kamera ni simu iliyofungwa juu ya paa, ikitazama baharini. Modeli niliyoanzia ilifundishwa kwa COCO, mkusanyiko wa picha zenye lebo, ambao una makundi 80, na vyombo vyote vya majini humo vimo katika kundi moja tu, `boat`. Kwa hiyo kutambua kwamba hiki ni chombo si tabu. Tabu ni jahazi.

Ngalawa ninazo tele. Picha za jahazi pia si chache ukizihesabu kama picha, ila ukiyahesabu majahazi yenyewe, unapata sita. Jahazi likitia nanga kutwa nzima linanipa picha mia, na zote ni mfano mmoja. Ndiyo maana katika daftari langu nimeacha kuandika idadi ya picha, naandika idadi ya vyombo. Majahazi mawili kati ya hayo sita nimeyatenga kwa majaribio kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Picha zao zote, za siku zote, haziingii katika mafunzo, wala hazikatwi kwenda kubandikwa kwingine. Ukigawa picha kwa bahati nasibu, jahazi lile lile litakuwa pande zote mbili. Alama zitapanda vizuri, kumbe modeli imekariri kiraka kwenye tanga.

Kuweka lebo kumenichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya tanga. Likiwa juu, boksi ninalochora kukizunguka chombo linakuwa refu kwenda juu. Likishushwa, chombo kile kile kinakuwa na boksi pana na fupi. Nimeamua boksi lizunguke kila kinachoonekana cha chombo, tanga na foromali vikiwemo, na urefu wa mwili niuandike kando kama mstari kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma ya chombo. Mstari huo una kazi, nitaufikia.

Lebo zenye utata nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa mashua.

"Shikamoo mzee. Hiki hapa ni jahazi au mashua?"

"Marahaba mwanangu. Mashua hiyo. Wewe unaona kubwa kwa kuwa iko karibu."

Jibu lake ndilo lililobadilisha mpango mzima. Picha ya simu ina upana wa pikseli 4000. Nikiibana ifikie 640, chombo cha pikseli 60 kinabaki na pikseli tisa hivi, hakisomeki. Kwa hiyo naikata picha katika vigae vinavyopandana. Lakini ndani ya kigae, mashua iliyo karibu na jahazi lililo mbali zinalingana ukubwa. Modeli inabaki na umbo tu: kimo cha tezi, unene wa mwili, watu wanavyoonekana wadogo au wakubwa juu ya chombo. Ukubwa halisi umepotea, na hauwezi kurudi isipokuwa kwa kurejea picha nzima na kutazama upeo wa macho.

Bahari ni bapa na kamera haihami, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Chukua pikseli kutoka mstari wa upeo hadi pale mwili wa chombo unapogusa maji. Chombo kikisogea karibu, umbali huo unakua, na urefu wa chombo kwenye picha unakua kwa uwiano ule ule. Kimo cha kamera juu ya maji kikijulikana, unapata mita:

```
urefu_m = kimo_kamera_m * urefu_px / (y_maji - y_upeo)
```

Chombo chenye urefu wa pikseli 120, kikigusa maji pikseli 75 chini ya upeo, kamera ikiwa mita 5 juu ya maji, kina mita 8. Hiyo ni mashua. Sasa angalia bamvua. Maji yakitoka sana, kamera ile ile inakuwa kama mita 8 juu ya maji, na vipimo vile vile vya pikseli vinatoa mita 12.8. Ukisahau jedwali la maji kupwa na kujaa, unaligeuza jahazi kuwa mashua kwa karatasi. Kila picha sasa ina saa yake na kimo cha maji cha saa hiyo. Kipimo hiki hakifai kwa chombo kinachokuja kwa omo, maana urefu wake umefichika, wala kwa kilicho mbali kabisa karibu na upeo, ambako pikseli mbili tu zinaharibu jibu.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoongoza ubandikaji. Nakata majahazi manne ya mafunzo pembezoni mwao na kuyabandika kwenye picha za bahari zisizo na jahazi. Silibandiki popote ninapotaka kwa ukubwa ninaotaka:

```
skeli = (y_mpya - y_upeo_mpya) / (y_asili - y_upeo_asili) * kimo_asili / kimo_mpya
```

Mwanga nao lazima ukubaliane. Ufukwe wetu unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma ya vyombo na jahazi linaonekana jeusi kama kivuli. Jahazi la alfajiri likibandikwa kwenye bahari ya saa saba mchana ni uongo ambao modeli haitaukuta ufukweni.

Kingo za mkato zina hila yake. Zikiwepo kwenye majahazi peke yake, modeli inajifunza kwamba ukingo mkali maana yake jahazi. Kwa hiyo ngalawa na mashua nazo nazikata na kuzibandika kwa njia ile ile, na pia vipande vya maji matupu, ambavyo havipewi lebo. Vipande hivyo ndivyo kipimo changu: modeli ikiita "jahazi" juu ya kipande cha maji, imekamata mshono. Kwenye mzunguko wa kwanza iliita mara kadhaa. Nilipolainisha kingo kwa pikseli mbili tatu, na idadi ya vipande vya maji kuikaribia ya majahazi, kelele hiyo karibu yote ilikwisha.

Uzidishaji wa kawaida, yaani kugeuza picha na kubadili rangi zake ili modeli ione mifano mingi zaidi, nimeupunguza:

```
flipud=0.0  fliplr=0.5  degrees=0.0  hsv_h=0.01  hsv_v=0.5
```

Mwangaza unabadilika sana hapa, kwa hiyo `hsv_v` nimeipandisha kidogo. Rangi haibadiliki kiasi hicho, sina bahari ya zambarau. Kuzungusha picha nimekuacha kabisa, na si kwa sababu ya kamera kutohama tu. Mzunguko unaochora boksi jipya kwa kufuata pembe za boksi la zamani unalivimbisha: boksi la 200 kwa 40 likizungushwa nyuzi 10 linakuwa takriban 204 kwa 74. Karibu nusu yake ni maji.

Hali ilivyo leo: majahazi mawili ya majaribio yanatambuliwa katika picha nyingi za ubavuni, na mengi ya makosa yaliyobaki ni ya kuja kwa omo. Asilimia siziandiki, maana vyombo viwili haviwezi kubeba asilimia. Napitia picha moja moja kwa macho. Vilevile picha zote hizi ni za kaskazi. Kusi ikianza, bahari itachafuka na mstari wa upeo utakuwa na mawimbi, kwa hiyo natafuta namna ya kuupata kwa wastani wa picha kadhaa badala ya moja.