Blenda ya laki mbili

Nimetoka kuchukua mzigo wangu sasa hivi hapa Dar, bado moyo unanienda mbio.

Mwezi uliopita niliagiza blenda ya biashara ya juisi kutoka nje. Bei 200,000. Usafiri na bima 120,000. Nikajua nimemaliza.

Leo nimepewa karatasi ya kodi. Ushuru wa forodha 25%, sawa, nilishausikia. Lakini 80,000? Robo ya laki mbili si 50,000?

Dada wa dirishani akaweka kidole kwenye mstari mmoja: thamani 320,000.

Jamani, nauli ya mzigo nayo inatozwa ushuru!

Kisha VAT 18%. Nayo haihesabiwi kwenye bei ya blenda, inahesabiwa kwenye 400,000, yaani ushuru wenyewe ukiwa ndani. Hiyo ni 72,000.

Jumla 472,000, bado tozo ndogondogo na hela ya wakala.

Ule mstari wa 320,000 hautoki kichwani. Ningetafuta usafiri nafuu, hata kodi ingeshuka.

Wenzangu mnaoagiza nje, mnasafirishaje? Mnachanganya mizigo? Niambieni hapa.