Kitufe cha kuvukia na taa iliyogoma kuzima

Nyumbani Sinza nilitengeneza mfano wa mataa ya Magomeni, pale Barabara ya Morogoro inapokatana na Kawawa, kwa Arduino Uno, transista na taa ndogo za ledi. Upande wa magari haukunisumbua. Mataa ni mashine ya hali: kila wakati yamo katika hali moja tu, na muda wake ukiisha yanahamia inayofuata. Morogoro kijani sekunde 20, njano 3, nyekundu pande zote 2, kisha zamu ya Kawawa.

Kilichonitesa ni kitufe cha waenda kwa miguu. Mpwa wangu alikibonyeza, akasubiri weee, mwisho akasema, "Mjomba, mbona hawaniruhusu kuvuka?" Nilikuwa nahesabu muda kwa `delay(20000)`, na sekunde zote hizo programu haisomi kitu. Nikaandika upya, programu izunguke bila kusimama, kila mara ikitazama kitufe na saa yake ya ndani, `millis()`:

```
if (digitalRead(KITUFE) == LOW) ombi = true;
if (millis() - mwanzo >= muda[hali]) hamia();
```

Kubonyeza hakubadilishi hali, kunaacha ombi tu. `hamia()` hulitazama wakati pande zote ni nyekundu, basi hakuna gari linalokatishwa kijani ghafla. Mtu wa kijani huwaka sekunde 5, kisha humeta sekunde 6, kwa kuwa barabara ya mita 7 kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde inataka karibu hizo. Ombi nalifuta anapoanza kumeta. Awali nililifuta mwishoni mwa kumeta, na aliyefika kipindi hicho alipoteza zamu yake bila kujua.

Halafu transista ya kijani cha Kawawa ikaungua, ikabaki inapitisha umeme. Kwenye programu Kawawa ilikuwa nyekundu, ubaoni kijani kinawaka pande zote mbili. Nilitetemeka nikifikiria bodaboda na daladala halisi. Ndipo nikavuta waya kutoka kolekta ya kila transista ya kijani, na rezista ya kilo-omu 10 kwenda volti 5. Taa ikiwaka waya unasoma `LOW`, ikizimika `HIGH`. Kijani viwili vikionekana pamoja milisekunde 300 mfululizo, mashine inaingia `HITILAFU` kutoka hali yoyote iliyopo, na nyekundu zote zinameta, nusu sekunde zinawaka, nusu sekunde zinazima.

Hata hivyo kijani kile kiliendelea kuwaka, maana transista iliyoungua haisikii amri. Ilibidi niongeze relei inayokata umeme wa kijani zote, huku nyekundu zikiwa na njia yao ya umeme.

`HITILAFU` haijitoi yenyewe. Nikishabadilisha transista nabonyeza swichi ya ndani ya boksi, ombi la zamani linafutwa, na mashine inaanzia nyekundu pande zote, kwa sababu haiwezi kujua nani yuko katikati ya njia.