Kumbukumbu ya mradi wangu: maneno ya fomu ya oda ya fundi nguo

Mradi huu ulianza na daftari la oda la fundi mmoja ninayefahamiana naye. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika oda zake kwa maneno machache, kama vile "gauni, kitenge, mkono mfupi", na yote yaliyobaki akiyahifadhi kichwani. Alipopata wanagenzi wawili, yale ya kichwani hayakuwafikia, na nguo zikaanza kurudishwa kurekebishwa. Nilijitolea kumkusanyia maneno ya kutosha kujaza fomu ya ukurasa mmoja, nikiyapanga katika makundi matatu: vazi, kitambaa na mshono. Mpaka leo nimekusanya maneno 140 hivi, na zaidi ya nusu nimeyaondoa, kwa sababu fomu inahitaji maneno ambayo mteja na mkata nguo watayaelewa kwa namna moja.

Juma la kwanza: vazi

Neno la kwanza kuondolewa lilikuwa "nguo" lenyewe. Nguo ni kile kilichoshonwa, na pia ni kile ambacho bado hakijaguswa na mkasi. Kanga ni nguo tangu inapotoka dukani. Mteja akiuliza, "Fundi, nguo yangu iko wapi?" huenda anaulizia kitambaa alichokiacha jana au gauni analotarajia kulivaa kesho. Kwenye fomu nimetenganisha: "vazi" ni kinachotakiwa kupatikana, na "kitambaa" ni kilicholetwa.

Majina ya mavazi yenyewe yalikuja bila shida: shati, blauzi, gauni, sketi, suruali, kaptula, koti, kizibao, kanzu. Nimeyatanguliza kwenye fomu kwa sababu vipimo vinalifuata vazi. Suruali inadai kiuno, nyonga, paja, urefu wa nje na urefu wa ndani ya mguu. Shati linadai shingo, bega, kifua na urefu wa mkono. Penye visawe, kama kola na ukosi, nimeandika yote mawili kwenye mstari mmoja, kwa kuwa hakuna hasara yoyote katika kufanya hivyo.

Kanzu ilinichukua jioni nzima, kwa sababu ina msamiati wake uliokamilika kuliko vazi jingine lolote nililolipitia. Mapande makubwa ya mbele na nyuma ni badani. Vipande vya ubavuni vinavyoipanua kanzu kuelekea chini ni taharizi. Kipande kidogo cha chini ya kwapa ni kikwapa, kile kinachokaa nyuma ya uwazi wa kifuani ni lisani, na kitambaa kinachoshonewa ndani ya shingo ili kuiimarisha ni kaba. Niliyaingiza maneno haya yote kwa sababu yanaokoa kazi. Mteja akisema tu kwamba kanzu inambana, mwanagenzi hajui aanzie wapi. Lakini akiuliza inabana wapi, jibu linaelekeza kwenye kipande. Ikiwa mkono hauinuki vizuri, cha kutazamwa kwanza ni kikwapa. Ikiwa hatua inakuwa fupi wakati wa kutembea, cha kutazamwa ni taharizi.

Juma la pili: kitambaa

Hapa nilikosea mwanzoni, na kosa lenyewe lilinifundisha jambo. Niliweka safu moja yenye majina ya vitambaa, moja likifuata jingine: pamba, hariri, sufu, kitani, satini, mahameli, kaki, melimeli, bafta, marekani, kitenge. Fundi aliitazama akaniuliza, "Sasa mtu akileta satini ya hariri, niweke alama wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Pamba, hariri, sufu na kitani ni majina ya nyuzi. Satini ni namna ya kufuma inayoufanya uso wa kitambaa uwe laini na wenye mng'ao, na inaweza kuwa ya hariri au ya polista. Mahameli vilevile ni namna ya kufuma, yenye vinyweleo vilivyosimama. Kitenge kinatambulikana kwanza kwa chapa ya rangi zake. Marekani, kitambaa cha pamba kisichong'arishwa, kilipewa jina la nchi kilikotoka, kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kimarekani walikileta kwa wingi katika pwani ya Afrika Mashariki. Majina haya yanajibu maswali tofauti, na safu moja haiwezi kuyabeba.

Kwa hiyo kundi la kitambaa sasa lina mistari mitatu. Wa kwanza ni jina ambalo mteja mwenyewe analitumia, liandikwe kama alivyolitamka. Wa pili ni aina ya uzi, ambao fundi anaujaza mwenyewe, maana ndio unaoamua joto la pasi na kama kitambaa kitasinyaa kikifuliwa. Wa tatu ni upana.

Mteja asipojua aina ya uzi, fundi hung'oa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo wa kitambaa na kuzichoma akiwa amezishika kwa kibanio. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu na hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Polista huyeyuka na kuacha tone gumu ambalo halivunjiki kwa vidole. Njia hii haitoi jibu safi pale nyuzi zilipochanganywa, kama ilivyo kwa vitambaa vingi vya pamba na polista. Hapo fundi huandika "mchanganyiko" na kuitia pasi kwa joto linaloifaa polista.

Juma la tatu na la nne: mshono

Kundi hili ndilo lililonichosha na ndilo ninalolipenda zaidi. Neno "mshono" lina maana tatu zinazoishi pamoja dukani. Mteja anayefungua picha kwenye simu na kusema "nataka mshono huu" anazungumzia mtindo wa vazi zima. Mwanagenzi anayesema "mshono umefumuka" anazungumzia mahali ambapo vipande viwili vimeunganishwa. Fundi anayesema "huu si mshono wa kushonea mahameli" anazungumzia jinsi uzi unavyopita kwenye kitambaa. Hakuna anayekosea, lakini sanduku moja lenye kichwa "mshono" lilijazwa kwa namna tatu katika oda kumi za kwanza tulizozijaribu.

Niliamua kwamba picha ya mteja na maelezo yake yaende kwenye mstari wa "mtindo", ambao sasa uko chini ya vazi. Neno "mshono" limebaki kwa maungio peke yake. Namna za kupitisha uzi nimeziandika kwa vitenzi: piga bandi, pinda, darizi, shikiza kifungo, piga ovaloki. Kitenzi humwambia mwanagenzi afanye nini, na hakuna mteja atakayelichukua neno "pinda" kuwa ni jina la mtindo. Bandi, kwa mfano, ni ule ushonaji wa muda wa hatua ndefu unaoshikilia vipande kabla ya mashine, na hufumuliwa baadaye. Kuiandika "piga bandi" kunaonyesha kwamba ni hatua ya kazi ambayo haitaonekana kwenye vazi lililokamilika.

Neno lililobaki na matatizo ni "marinda". Wapo wanaoliita gauni zima rinda, na hao nimewahifadhia gauni kwenye kundi la vazi. Lakini hata kwa wale ambao marinda ni mikunjo, mikunjo ipo ya namna mbili. Kuna marinda ya kukunja, yanayopangwa kwa kipimo na kupigwa pasi, na kuna marinda ya kuvuta, yanayopatikana kwa kupitisha uzi kwenye ukingo na kuuvuta mpaka kitambaa kijikusanye. Tofauti yao inaanzia kwenye kiasi cha kitambaa.

Oda iliyotuonyesha jambo hili ilikuwa ya sketi yenye kiuno cha sentimita 72 na urefu wa sentimita 65, kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Fomu ya zamani ilisema "sketi ya marinda" na basi. Marinda ya kukunja yanayofuatana bila nafasi katikati huhitaji mara 3 ya kiuno, kwa sababu katika kila rinda sehemu 1 inaonekana juu na sehemu 2 zinajificha chini yake. Hiyo ni sentimita 216. Marinda ya kuvuta ya wastani huhitaji kama mara 2, yaani sentimita 144. Tukiacha sentimita 1.5 kila ukingo kwa ajili ya mshono, ya kuvuta yanafika sentimita 147 na kuenea kwenye upana mmoja, ilhali ya kukunja yanataka mapande mawili. Urefu wa kukata ni sentimita 65, kuongeza 4 za pindo na 1.5 za kiunoni, jumla sentimita 70.5. Basi sketi ileile, mbali na mkanda wake wa kiunoni, inakula sentimita 70.5 za kitambaa au sentimita 141, kutegemea neno ambalo halikuandikwa. Mwanagenzi alikuwa amekata pande moja. Mteja alitaka ya kukunja. Na kitambaa kilichobaki hakikutosha pande la pili.

Sasa kundi la mshono lina masanduku mawili tofauti, "marinda ya kukunja" na "marinda ya kuvuta", na karibu yake pana nafasi ya kuandika mara ngapi ya kiuno. Oda hiyo pia ndiyo iliyonifanya nibadilishe neno "urefu" liwe "urefu baada ya kupinda", kwa kuwa wanagenzi hawakuwa na hakika kama zile sentimita 4 za pindo zimo ndani ya 65 au ziko nje yake.

Jambo lililonifikisha leo ni "mshazari". Kitambaa kinaweza kukatwa kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu, au kwa kufuata mshindio, yaani nyuzi za upana, au mshazari, kwa pembe kati ya hizo mbili. Kikikatwa mshazari hunyumbulika na kuulalia mwili vizuri zaidi, lakini pia hula kitambaa kingi. Nilijaribu kuliweka neno hili kwenye mshono, kisha kwenye mtindo, na mwisho nimeliweka kama mstari wa nne wa kitambaa, "mwelekeo wa kukata", kwa sababu uamuzi huo unafanyika kitambaa kikiwa bado mezani. Hata hivyo una athari kwenye pindo: vazi lililokatwa mshazari hurefuka kwa uzito wake, na sehemu nyingine hushuka kuliko nyingine, kwa hiyo fundi hulitundika kwa siku moja nzima kabla ya kulisawazisha na kulipinda. Nimeongeza sanduku dogo mbele ya "pinda" linalosema "limetundikwa", na mwanagenzi hatashika pindo la vazi la mshazari kabla sanduku hilo halijawekwa alama.